"Asilimia 40 ya nini?" Profaili yangu imeniumbua kwenye intavyu

Dada habari za kazi. Mimi ni binti wa miaka 29, nipo Dar, nafanya kazi kwa wakala wa forodha mwaka wa 6 sasa, upande wa deklareshen, yaani kutwa nzima niko na mafaili ya mizigo ya watu nayaingiza TANCIS, ule mfumo wa forodha. Tuko 4 kwenye timu.

Miaka mitatu nyuma nilifungua LinkedIn na ile sehemu ya About nikaichukua kwa rafiki yangu nikabadilisha vitu vichache. Iko kwa Kiingereza ila kwa Kiswahili inasema hivi: "Mtaalamu mahiri na mbunifu wa lojistiki na mnyororo wa ugavi, mwenye kiu ya mafanikio, ninayesukumwa na matokeo, mchezaji wa timu na kiongozi wa mabadiliko. Nimepunguza gharama za wateja kwa asilimia 40."

Mwezi uliopita nikaitwa intavyu. Mama mmoja kwenye paneli alikuwa na profaili yangu kwenye simu, akanisomea ile sentensi ya mwisho halafu akauliza kwa upole kabisa, asilimia 40 ya nini? Dada nilikaa kimya. Sikumbuki hata nilijibu nini. Kazi sikupata.

Sasa nataka kuiandika upya ila nimekwama. Rafiki yangu anasema nikitoa yale maneno waajiri hawataniona maana wanatafuta kwa maneno hayohayo. Mama yangu anasema chema chajiuza, nisijitangaze. Mambo mengi tunafanya timu nzima, nikisema nimefanya mimi naona kama nawaibia wenzangu. Na bosi wangu tumeunganishwa humohumo. Nifute yote nibakize jina la kazi tu? Au niandike nini?

Mwenye Mafaili, Temeke

*

Mdogo wangu, pole kwa ile intavyu. Nilikaa miaka kadhaa upande wa pili wa ile meza, kwenye ajira za kampuni za usafirishaji, na nataka nikwambie kitu kuhusu swali la yule mama. Mtu akishaona profaili ni ya kupita tu huwa haulizi, anafunga simu anaendelea na maswali yake ya kawaida. Yeye aliuliza kwa sababu ile namba ilikuwa kitu pekee cha kushika kwenye aya nzima, alitaka kukusikia ukieleza kazi yako. Kwa hiyo usitoke pale ukiamini kwamba namba ndiyo iliyokuponza, namba ni kitu kizuri sana ila hii haikuwa yako.

Tuanze na hofu ya rafiki yako, maana ndiyo inayokufunga mikono. Ni kweli waajiri wanatafuta watu kwa maneno, hilo hajakosea. Ila jiulize mtu anayetaka mtu wa deklareshen Dar anaandika nini kwenye kile kiboksi cha kutafutia. Mimi nilikuwa naandika jina la kazi, nikaongeza mji, nikaongeza jina la mfumo au aina ya mzigo. Forodha, TANCIS, transiti, Dar es Salaam. Sijawahi hata siku moja kuandika "kiu ya mafanikio", kwanza nitampata nani, wote wameandika. Sasa rudi kwenye aya yako uisome tena taratibu uone kama neno forodha limo. Halimo. TANCIS haimo, bandari haimo, kontena halimo. Umekaa na vitu hivyo mwaka wa 6 sasa na hakuna hata kimoja kilichoingia, lakini "mbunifu" imeingia. Yaani yale maneno ambayo rafiki yako anadhani yanakufanya uonekane ndiyo yaliyokaa kwenye nafasi ya maneno ambayo yangekufanya uonekane kweli.

Halafu kuna jambo la nafasi yenyewe. About inachukua mpaka herufi 2,600, ni nyingi, ila mtu akifungua profaili yako haoni zote, anaona mistari michache ya mwanzo tu mpaka abonyeze aendelee, na kwenye simu hiyo mistari ni kiduchu zaidi. Fungua profaili yako kwa simu ya mtu mwingine uangalie inakatikia wapi. Nadhani inakatika katikati ya sifa, kabla hujasema unafanya kazi gani.

Mama yako naye nataka tumsikilize vizuri maana hajakosea. Chema chajiuza kibaya chajitembeza, hiyo ni methali ya sokoni, na sokoni nyanya ziko wazi juu ya meza, mnunuzi anazishika anazibonyeza mwenyewe. Kazi yako wewe haiko mezani. Iko ndani ya mafaili ya ofisi ambayo mtu wa nje hawezi kuyaona na wala haruhusiwi. Kwa hiyo kueleza unachofanya siyo kujitembeza, ni kufungua mfuko mtu aone kilichomo. Kujitembeza ni pale unapoacha kueleza unaanza kujisifia, na hapo mama yako yuko sahihi kabisa. Na kuwa mwangalifu na kitu kimoja, watu wengi wakiambiwa wawe na kiasi wanaandika "mimi ni mnyenyekevu, mchapakazi, mwaminifu". Hizo nazo ni sifa tu, zimevaa kanga badala ya suti. Kiasi kwenye profaili kinaonekana kwenye mipaka, mtu anaposema hiki nafanya, hiki anafanya mwenzangu, hiki sijawahi kukigusa.

Sasa tufanye kazi yenyewe, chukua daftari. Usianze kwa Kiingereza. Najua profaili itaishia kuwa ya Kiingereza maana ndivyo ofisi zetu zilivyo, ila rasimu ya kwanza iandike kwa Kiswahili kama unamweleza mama yako unashinda unafanya nini. Nimewaambia watu wengi wafanye hivi na kila mara linatokea lilelile, huwezi kumwangalia mama yako usoni ukamwambia mimi ni mtu ninayesukumwa na matokeo, mdomo wenyewe unakataa. Utamwambia, mama, makaratasi ya mzigo yanakuja kwangu, naangalia kama yanaendana, naingiza kwenye mfumo, kodi ikitoka namwambia mteja alipe, kikikwama nafuatilia. Ndiyo hiyo. Hiyo ndiyo mifupa ya About yako, utaitafsiri baadaye na utashangaa Kiingereza chake kitakuwa rahisi.

Baada ya hapo chukua kila sifa iliyokuwa kwenye aya ya zamani uiulize, ulifanya nini, lini? "Mchezaji wa timu", haya, timu ya watu wangapi na wewe kipande chako ni kipi. Hiyo ina jibu, mko 4, wewe ni deklareshen. "Kiongozi wa mabadiliko", ulibadilisha nini? Kama kuna kitu utakikumbuka palepale, kama hakuna futa bila huruma. Sifa ikipata jibu, jibu ndilo linaandikwa na sifa yenyewe inaondoka.

Tufike kwenye asilimia 40 maana ndiyo inayokuuma. Hukuniambia ilitoka wapi, nadhani ilikuja na aya ya rafiki yako. Kwanza ujue kwa nini ni namba ngumu kuitetea hata ingekuwa na ukweli ndani yake. Gharama za mteja wa kontena ni vitu vingi vya aina tofauti. Kuna kodi, hiyo wewe huwezi kuipunguza, thamani ni thamani na kiwango ni kiwango, na mtu wa forodha akisoma kwamba umepunguza gharama asilimia 40 anaweza hata kuwaza vibaya, kwamba labda unashusha thamani kwenye makaratasi au unapeleka mzigo kwenye HS code, ile namba ya aina ya bidhaa, yenye kodi ndogo. Umefikiria hilo? Sentensi uliyoiweka ujisifie inaweza kusomeka kama unakiri kosa. Halafu kuna storeji ya bandari na demareji ya kontena kwa kampuni ya meli, yaani tozo za kukaa kupita siku za bure. Hapo ndipo mtu wa deklareshen ana mkono, kwa sababu makaratasi yakichelewa au yakiwa na kasoro siku za bure zinaisha kontena likiwa bado limekaa. Kama kuna kitu cha kweli nyuma ya ile sentensi basi kipo hapa.

Kwa hiyo nakuuliza, kuna jambo unalifanya wewe linalozuia kontena kukaa? Watu wa deklareshen wazuri niliowajua walikuwa na tabia moja, hawasubiri meli ifike. Makaratasi yakija wanaweka BL, ile hati ya mzigo ya kampuni ya meli, na invoisi na pakingi listi pamoja juu ya meza wanalinganisha, namba ya kontena herufi kwa herufi, kilo, idadi ya katoni, jina la mpokeaji. Kilo zikitofautiana BL na pakingi listi wanapiga simu siku hiyohiyo, maana marekebisho yakisubiri mpaka mzigo umeshuka, kampuni ya meli inabidi irekebishe manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli, na siku zinakwenda. Kama na wewe unafanya hivi basi umepata sentensi yenye thamani kuliko aya nzima ya mwanzo, na haihitaji asilimia yoyote.

Kama unataka namba kabisa, itafute kwa njia ambayo ukiulizwa utaieleza. Nyepesi kabisa ni wingi wa kazi. Fungua rejista ya mafaili, hesabu uliyoandaa wewe kwa miezi mitatu ya karibuni. Tuseme umepata 41, 38 na 45, jumla ni 124, gawanya kwa 3 inakuja 41 na kidogo. Andika "kama 40 kwa mwezi". Usiandike "zaidi ya 45" kwa sababu mwezi mmoja ulifika hapo. Na usijumlishe miaka 6 ukaandika "takriban mafaili 3,000", maana mwaka wa kwanza ulikuwa unajifunza na hukuwa na kasi hii, na mtu anayeijua kazi atakuuliza.

Namba ya siku ni ngumu zaidi, ila inawezekana. Ungechukua mteja mmoja wa kudumu ukaangalia tarehe kontena liliposhushwa na tarehe lilipotoka bandarini, kabla hamjaanza kulinganisha makaratasi mapema na baada. Ila hapo kuwa mkali na wewe mwenyewe. Makontena 6 dhidi ya 5 hayatoshi kusema kitu. Bandari ikiwa na msongamano miezi ya nyuma na sasa imetulia, siku zimepungua zenyewe siyo kwa ajili yako. Na mteja kama alikuwa anachelewa kulipa kodi na sasa analipa mapema, hiyo ni pesa yake siyo kazi yako. Ukipita vikwazo vyote hivyo na bado tofauti ipo, iandike kwa siku, siyo kwa asilimia, na iwe tayari kichwani. Ukiona inayumba iache, sentensi inayoeleza unachofanya inatosha.

Kuhusu wenzako, naipenda hiyo dhamiri uliyonayo, na sidhani unatakiwa uchague kati ya "mimi" na "sisi". Matatizo yapo pande zote. Ukiandika "mimi" kila mahali, mwenzako anayekwenda bandarini kwenye ukaguzi akisoma atajisikia vibaya na ana haki. Ukiandika "sisi" kila mahali, msomaji hajui wewe ulikuwa unafanya nini kwenye hiyo sisi, anaweza kudhani ulikuwa unabeba mafaili tu. Inayosaidia ni kutaja mpaka, mimi naandaa deklareshen, mwenzangu anasimamia ukaguzi. Hapo umempa mwenzako heshima yake na wewe umeonekana.

Nimejaribu kukuandikia moja uone inavyoweza kukaa, vitu ambavyo sivijui nimevibahatisha, wewe vibadilishe vyote viwe vya kwako:

"Naandaa nyaraka za forodha kwenye TANCIS, Dar es Salaam, huu ni mwaka wa 6. Kwa mwezi ni mafaili kama 40, mengi ni makontena ya vipuri vya magari na vifaa vya nyumbani ya hapa nchini, machache ni transiti ya Zambia na Kongo. Nalinganisha BL, invoisi na pakingi listi kabla meli haijafika, ili tofauti za kilo au namba ya kontena zirekebishwe siku za bure zikiwa bado hazijaanza kuhesabika. Niko kwenye timu ya watu 4, ukaguzi wa mzigo bandarini anasimamia mwenzangu. Mafuta na kemikali sijawahi kushughulikia. Napenda kujifunza upande wa kupanga usafiri wa malori."

Angalia sentensi ya kwanza, ndiyo itakayoonekana kabla ya kubonyeza, na ndani yake kuna kazi, mfumo na mji. Angalia pia hiyo ya mafuta na kemikali. Najua itakutia wasiwasi, utasema kwa nini nijipunguze. Mimi nilipokuwa naajiri nikiona mtu anasema kitu ambacho hajawahi kufanya nilikuwa naamini zaidi vile alivyosema amefanya. Ila ina hatari yake na sitaki nikufiche, mwajiri wa mizigo ya mafuta anaweza kukupita palepale bila kukupigia. Kama hiyo ndiyo kazi unayoiota basi usiiandike hivyo, au itoe kabisa, kuacha kutaja siyo uongo.

Wateja usiwataje majina, hilo najua unalijua. Ila hata bila jina mtu anaweza kutambulika. Ukiandika unashughulikia mzigo wa aina fulani ambayo nchi nzima anaingiza mtu mmoja au wawili, umeshamtaja. Na viwango ambavyo ofisi yako inatoza, au thamani ya mizigo, hivyo viache kwenye faili.

Bosi. Hapa nakuuliza kwa utaratibu, unaogopa aone nini? Ile aya ya zamani, kama amewahi kuisoma, alikuwa anasoma kwamba umepunguza gharama za wateja wake asilimia 40, yeye anajua kama ni kweli au la. Hii mpya inasema unafanya kazi anayokuona ukiifanya. Mimi naona mpya ndiyo rahisi kuisimamia mbele yake. Pale pa moto ni sentensi ya mwisho, ile ya kutaka kujifunza upande mwingine. Bosi mmoja ataisoma akupeleke ukae na watu wa usafiri mwezi mmoja, mwingine ataisoma kwamba unaaga. Wewe ndiye unayemjua. Unaweza kuiacha nje kwa sasa ukaiweka ukiwa tayari. Kwenye mipangilio kuna mahali pa kuzima taarifa za mabadiliko ya profaili zisiende kwa watu wako, kizime kwanza kabla hujagusa kitu, lakini ujue akifungua profaili yako mwenyewe ataona tu.

Na lile wazo la kufuta yote ubakize jina la kazi, silitupi. Ni salama, halimdanganyi mtu, na kama umechoka sasa hivi unaweza kukaa hivyo wiki mbili tatu bila kupoteza kitu kikubwa. Ubaya wake ni kwamba mtu akikupata hana cha kukuuliza zaidi ya maswali ya kila mtu, na wewe nimekuona kwenye barua hii fupi tu, una vya kuulizwa. Katikati kuna njia ya sentensi mbili, kazi na mji kwenye ya kwanza, kile cha kulinganisha makaratasi kwenye ya pili, basi.

Vyovyote utakavyochagua, kabla hujabonyeza kuhifadhi mpe yule mwenzako wa ukaguzi asome kwa sauti mbele yako, siyo yule rafiki yako, huyu wa ukaguzi, maana anajua kila unachofanya na usichofanya. Akisita kwenye neno lolote usimuulize kwa nini, wewe liwekee alama tu, mkimaliza rudi nalo. Na kama utaniandikia tena ningependa kujua ile rejista imesema ngapi.